Ritifaa kwenye children's: funika, kisha soma kilichobaki

Nimekuwa nikisahihisha maandishi ya Kiingereza, na kosa linalojirudia ni childrens' toys. Ukiwa na shaka, funika kwa kidole ile ritifaa (apostrofi) na kila kinachoifuata, kisha usome kilichobaki. Katika childrens' inabaki childrens, neno ambalo halipo. Katika children's inabaki children, yaani watoto, na hao ndio wenye vitu vya kuchezea. Basi hiyo ndiyo sahihi.

Inafanya kazi kwa sababu ritifaa hukaa mara tu jina la mwenye mali linapokamilika. Boys tayari lina s ya wingi, ndiyo maana tunaandika boys' toys. Children lina wingi wake ndani yake, kwa hiyo s inayoongezwa ni ya umilikaji peke yake na lazima ije baada ya ritifaa. Men's, women's, people's na teeth's hufuata njia hiyo hiyo.

Kipimo hiki hakikuambii idadi. Woman's na women's yote mawili yanapita, kwa kuwa woman na women ni maneno halali; hapo jiulize kwanza ni mwanamke mmoja au wengi. Sheep's ni gumu zaidi, maana umoja na wingi wake vinafanana kabisa. Kama idadi ina uzito, geuza sentensi: the wool of two sheep.