Jinsi ya kuandika kwa mkono ndani ya kadi ya rambirambi bila maneno kubanana

Mfano wetu ni kadi ya ukubwa wa A6: ikiwa imefungwa ina upana wa milimita 105 na urefu wa milimita 148. Ukiifungua, kulia kumechapwa "Mwenyezi Mungu awape nguvu na faraja katika kipindi hiki kigumu", na kushoto ni peupe. Utaandika kushoto.

1. Soma kilichochapwa kwanza

Kadi ikishasema nguvu na faraja, usirudie. Kazi ya mkono wako ni yale ambayo kiwanda hakiwezi kujua: jina la mfiwa, jambo moja unalomkumbukia marehemu, na utakachofanya. "Mkihitaji chochote semeni" humwachia mfiwa kazi ya kuomba, kwa hiyo taja siku na tendo. Usiulize alikufaje. Kiasi cha rambirambi pia hakiandikwi ndani ya kadi. Mahali pake ni kwenye bahasha na katika daftari la msiba.

Rasimu:

Mama Neema na watoto,
Tumepokea kwa huzuni habari za msiba wa Mzee. Hatutasahau alivyotufundisha kazi kwa subira, bila kumfokea mtu. Jumamosi tutakuja kushinda nanyi nyumbani.

2. Pima mwandiko wako

Acha milimita 12 kila upande. Inabaki milimita 81 ya kuandikia. Chora mstari wa urefu huo kwenye karatasi ya kawaida, ujaze sentensi yoyote kwa mwandiko wako wa kila siku, kisha hesabu herufi pamoja na nafasi. Tuchukulie umepata 27.

Maelezo ya rasimu, bila salamu, yana herufi 153. Ukigawa kwa 27 unapata mistari sita, lakini ukiandika inatoka saba. Sababu ni vitenzi vyetu virefu. "Hatutasahau alivyotufundisha" ni herufi 28, hivyo neno la pili linashuka na "Hatutasahau" linabaki peke yake mstari mzima. Hapa ndipo wengi huanza kubana herufi pembeni au kukata neno ovyo. Badilisha neno, mwandiko uache kama ulivyo. "Hatusahau" linaingia (26), na ukiondoa "nyumbani" mwishoni, mistari inakuwa sita:

Tumepokea kwa huzuni habari
za msiba wa Mzee.
Hatusahau alivyotufundisha
kazi kwa subira, bila
kumfokea mtu. Jumamosi
tutakuja kushinda nanyi.

Huna haja ya kusawazisha ukingo wa kulia. Wa kushoto ndio unaopaswa kunyooka.

3. Gawa urefu

Salamu mstari mmoja, maelezo sita, mmoja mtupu, na miwili ya "Wenzake wa karakana" na majina: jumla kumi. Kwa nafasi ya milimita 8 kati ya mstari na mstari, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho ni milimita 72. Weka mstari wa kwanza milimita 34 kutoka juu; chini zitabaki 42. Maandishi yaliyowekwa katikati kabisa huonekana kama yameporomoka, ndiyo maana tunayapandisha kidogo.

4. Jaribu kalamu, kisha chora

Andika neno dogo kwenye kona ya nyuma ya kadi, subiri dakika moja, pitisha kidole. Kwenye karatasi inayong'aa, wino wa jeli huchafuka na peni ya kawaida huteleza, ikaacha herufi zenye mapengo. Hapo tumia maka nyembamba isiyofutika, ukiangalia kwamba wino haujapenya upande wa pili.

Chora mistari kwa penseli ya HB bila kukandamiza, kwani alama iliyozama haifutiki hata risasi ikitoka. Karatasi yenye mistari iliyowekwa chini haisaidii: kadi ni nene, mistari haionekani. Kama uso unang'aa na penseli haishiki, tumia ukingo wa karatasi iliyonyooka kama rula, ukiushusha milimita 8 kila mara.

5. Andika

Fungua kadi ilale, na uweke daftari jembamba chini ya upande unaoinuka. Kwenye mkunjo ndiko mkono huyumba. Laza kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, maana mafuta ya ngozi huzuia wino kushika. Subiri angalau dakika kumi kabla ya kufuta penseli, na futa kuelekea upande mmoja.

Ukikosea

Wino mweupe wa kusahihishia huonekana kuliko kosa lenyewe. Afadhali ukate karatasi nyeupe ya milimita 95 kwa 138, uandike upya juu yake, kisha uibandike upande wa kushoto kwa gundi ya kijiti, ukingo wa juu tu. Gundi ya maji huikunja karatasi ikikauka. Kadi ikipitia mikono ya watu wengi kabla ya kufika msibani, anza moja kwa moja na karatasi hiyo.