Droo ya zawadi Instagram isiyovuta wafukuzia zawadi

Tuchukue mfano wa ukurasa unaofundisha ushonaji, wenye wafuasi 1,200.

Hatua ya 1: Zawadi. Chagua kitu ambacho asiyeshona hana haja nacho. Simu au pesa taslimu humvuta kila mtu, na zipo akaunti ambazo kazi yake ni kuzunguka droo tu. Mshindi akitangazwa, zinaondoka. Mkasi mzuri wa kukatia kitambaa unatosha. Watakaoshiriki watakuwa wachache, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 2: Swali. Sharti la kushiriki liwe kufuata ukurasa na kujibu swali kwenye komenti: “Sehemu gani ya gauni inakusumbua kushona, na huwa inaharibikaje?” Fundi ataandika kuhusu zipu inayojikunja au shingo inayoachia. Mfukuzia zawadi ataandika “Nimeshiriki”. Sema mapema kwamba komenti isiyojibu swali haihesabiwi, na kwamba kila mtu ana nafasi moja. Majibu hayo, kwa njia, ni mada za masomo yako yajayo.

Hatua ya 3: Masharti. Hapa wengi huteleza kwa kunakili posti za wenzao. Kanuni za Instagram zinataka uandike masharti na nani anaruhusiwa kushiriki, useme kwamba Instagram haidhamini wala haiendeshi droo hiyo, na kwamba washiriki wanaiondolea dhima. Usiwaambie watu wajitagi kwenye picha ambayo hawamo. Ukiipeleka droo Facebook, ondoa kabisa “shea kwenye ukurasa wako” na “tagi marafiki” kama masharti ya kushiriki, kwa sababu huko yamekatazwa. Usitoze kiingilio pia: katika nchi nyingi hilo huigeuza droo kuwa bahati nasibu inayohitaji leseni.

Ongeza sentensi moja: “Hatumwombi mshindi pesa, na tunaandika kutoka akaunti hii pekee.” Matapeli hufungua akaunti yenye picha yako na jina linalopishana na lako kwa herufi moja, kisha huwatumia washiriki ujumbe kwamba wameshinda, walipie usafirishaji.

Hatua ya 4: Kuchagua. Siku 5 zinatosha. Tuseme zimeingia komenti 214, na 31 ni za kurudia au hazijajibu swali. Zinazobaki 183 zipange kwenye jedwali la Excel kwa namba, anza kurekodi skrini, kisha andika:

```
=RANDBETWEEN(1,183)
```

Namba hiyo hubadilika kila ukigusa jedwali, kwa hiyo ile ya kwanza ndiyo ya mshindi. Usiporekodi, utaambiwa umerudia hadi akatoka rafiki yako. Masharti yaseme pia kwamba mshindi asiyejibu ujumbe wako ndani ya saa 48 anapoteza nafasi.

Hatua ya 5: Hesabu. Usihesabu siku ya kutangaza. Subiri siku 14. Ukurasa ukifika 1,460 kisha ukashuka hadi 1,390, kati ya wapya 260 wamebaki karibu 190. Wakiondoka zaidi ya nusu, rudi kwenye hatua ya 1: zawadi ilimfaa kila mtu.