Kupunguza michirizi kwenye picha ya vazi la kuogelea bila kuharibu umbo la mwili

Picha nitakayoitumia hapa ilipigwa ufukweni Diani, jua la saa kumi na moja jioni likitokea upande wa kulia. Aliyepigwa ni mama mtu mzima, maji ya kunde, amevaa vazi la kipande kimoja lililokatwa juu nyongani. Ana michirizi ya zamani kwenye nyonga na paja la nje, mingine michache inachungulia ubavuni, na paja la nyuma lina vibonyeo. Alichoomba ni kifupi: "Ipunguze, usiniondolee. Watu wananijua." Kazi yenyewe ni hiyo, na Photoshop inaifanya kwa leya mbili za Curves na brashi ya subira.

Kabla ya yote, fungua picha kwa ukubwa ambao watu wataiona. Kama inakwenda Instagram, tengeneza nakala yenye upana wa pikseli 1080 uitazame kwenye simu. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa karibu pikseli 6000 ikiwa imelala, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokiona ukikuza asilimia 100 hupotea yenyewe ikipunguzwa. Michirizi iliyobaki kuonekana kwenye nakala hiyo ndiyo ya kushughulikia. Kwa picha yetu ilibaki ya nyonga na vibonyeo vya paja. Ile ya ubavuni haikuonekana kabisa, nikaiacha ilivyo.

Hatua ya 1: Tayarisha faili

Ukiwa na RAW, kwenye Camera Raw rudisha Clarity na Texture kwenye sifuri. Wengi huzipandisha ili mchanga na mawimbi yatokeze, halafu wanashangaa mbona paja limekuwa na mabonde. Ukitaka mchanga utokeze, weka Clarity kwenye mchanga peke yake kwa maski. Usikimbilie pia kushusha Texture kwenye ngozi yote, kwa sababu vinyweleo na vitundu vya ngozi vitaondoka pamoja na michirizi, na ngozi itabaki kama plastiki. Ifungue picha Photoshop ikiwa 16 Bits/Channel. Tutasogeza mwanga kidogo kidogo kwenye eneo pana la ngozi, na kwenye 8 huwa rahisi kupata ngazi za rangi mahali ambapo kivuli kinapaswa kuyeyuka taratibu.

Hatua ya 2: Ondoa vya kupita

Tengeneza leya tupu, chukua Healing Brush, na kwenye Sample chagua Current & Below. Hapa unatoa chembe za mchanga, alama ya kuumwa na mbu, na mstari mwekundu ulioachwa na lastiki ya nguo aliyoivua. Vitu hivyo vingeisha vyenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo kuvifuta hakumbadilishi mtu. Michirizi usiiguse kwa brashi hii. Healing Brush inachota ngozi ya mahali pengine na kuibandika, na ukiifuata nayo michirizi kumi iliyo sambamba utaona ngozi ileile inajirudia nyongani. Mbaya zaidi ni mchirizi unaokatika ghafla katikati ya safari yake: jicho linakwenda moja kwa moja pale ulipokatika.

Hatua ya 3: Elewa unachokiona

Mchirizi kwenye picha una mambo mawili, rangi na kina. Ule mpya huwa mwekundu au wa zambarau, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana mweusi kuliko ngozi inayouzunguka. Wa zamani umepauka. Juu ya hapo, ngozi ya mchirizi imezama kidogo, kwa hiyo jua la pembeni linatia ukingo mmoja kivuli na kuung'arisha mwingine. Ndiyo maana mtu huyohuyo akipigwa kwenye kivuli cha mnazi michirizi yake haionekani, na akigeukia jua la jioni inajichora yote.

Kwa hiyo hakuna cha kufuta. Kuna tofauti ya mwanga kati ya mchirizi na ngozi jirani, nasi tunaipunguza kwa karibu nusu.

Hatua ya 4: Tengeneza leya mbili za Curves

Weka leya ya Curves, uiite "Mwanga". Mafunzo mengi yanakwambia uvute katikati ya mstari, yaani 128, lakini ngozi ya maji ya kunde au nyeusi mara nyingi iko chini ya hapo. Chukua kile kialama cha mkono ndani ya Curves, gusa ngozi safi karibu na mchirizi, uone pointi inakaa wapi. Kwetu ilikaa 85. Niliipandisha: Input 85, Output 105. Kisha leya ya pili, "Kivuli": Input 85, Output 67. Kwenye kila moja bonyeza maski yake halafu Ctrl+I, igeuke nyeusi na athari ifichike. Ziweke zote mbili kwenye kundi moja.

Brashi iwe laini, Hardness 0, Opacity 100, Flow 2 au 3, rangi nyeupe. Flow ndogo ndiyo siri. Unapita mara nyingi, na kila mpito hauonekani peke yake.

Hatua ya 5: Jipe macho ya kuona mwanga tu

Juu ya kila kitu weka leya ya Solid Color nyeusi, ubadilishe blend mode iwe Color. Picha inakuwa ya rangi moja. Juu yake weka Curves nyingine uongeze kontrasti kidogo. Sasa rangi haikudanganyi, na mchirizi unaonekana kama ulivyo: mstari uliopauka wenye ukingo mweusi. Leya hizi mbili ni za kuangalizia tu, utazizima mwishoni.

Hatua ya 6: Paka

Kuza asilimia 100, si zaidi. Punguza brashi iwe nyembamba kama mchirizi wenyewe au chini yake kidogo. Kwenye maski ya "Kivuli", pita ndani ya mchirizi uliopauka kwa kufuata mwelekeo wake, ukianza katikati na kulegeza kuelekea ncha. Ncha za michirizi huchongoka na kupotea, ziache zipotee hivyohivyo. Kisha hamia "Mwanga" na upite kwenye ukingo mweusi, ule ulio upande linakotokea jua. Ukiuona mchirizi bado upo lakini haukuiti tena, nenda kwa unaofuata. Usikae kwenye mmoja hadi uishe.

Kila baada ya michirizi mitatu minne, rudi nyuma hadi picha nzima ikae kwenye skrini. Ukiona mabaka ya mviringo nyongani, brashi ilikuwa nene mno. Ukiona mchirizi umegeuka kuwa mstari mweusi, umezidisha "Kivuli": geuza brashi iwe nyeusi upite juu ya maski kurudisha.

Zima sasa zile leya za kuangalizia na utazame rangi. Curves ikiwa kwenye Normal, kutia kivuli kunakoleza rangi, na kwa michirizi iliyopauka hilo linatusaidia kwa sababu rangi ndiyo iliyopungua. Lakini kung'arisha kunafifisha rangi, na kwenye ngozi nyeusi matokeo yake ni ukijivu, ngozi inaonekana imepauka kama ya mtu aliyekosa mafuta. Dawa yake ni leya tupu yenye blend mode Color: bonyeza Alt uchote rangi ya ngozi safi iliyo sentimita moja pembeni, si ya mkononi wala usoni, paka kwa Flow 5, kisha shusha Opacity ya leya hadi ukijivu uondoke. Hapa 40 ilitosha. Kwa mchirizi mpya mwekundu, leya hii ndiyo inayofanya kazi kubwa, na Curves inafuata nyuma.

Hatua ya 7: Vibonyeo, na mahali umbo linapoharibika

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Mchirizi ni mwembamba, hauwezi kuchanganywa na umbo. Kibonyeo cha paja ni kivuli kipana na laini, na kivuli kipana na laini ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba paja ni la mviringo. Ukivisawazisha vyote, paja linakuwa bapa hata kama hukugusa Liquify.

Kabla ya kupaka, tengeneza leya tupu na uchore kwa brashi nyekundu vivuli visivyoguswa. Kwenye picha hii ni mkunjo kati ya paja na kalio, bonde dogo la nyonga, kivuli kirefu kinachoshuka paja zima upande wa kushoto ambako jua halifiki, na mkunjo wa kiuno alipojipinda. Ishara ni rahisi: kivuli cha umbo kinafuata mgeuko wa mwili na kina mwelekeo mmoja kutoka juu hadi chini. Kibonyeo ni doa lenye mng'ao wake upande mmoja na giza lake upande wa pili, kisha linafuata jingine.

Kwenye doa hilo, brashi pana kama doa lenyewe, Flow 1. Punguza mng'ao wake kwanza kwa "Kivuli", kwa kuwa ndio unaovuta jicho. Giza lake liguse kidogo tu. Kuna wanaotumia frequency separation hapa, yaani kuigawa picha iwe leya ya chini yenye rangi na mwanga na leya ya juu yenye vinyweleo na vitundu vya ngozi, wakatia Gaussian Blur kwenye leya ya chini. Ni haraka kweli, ila blur haijui kibonyeo ni kipi na mgeuko wa paja ni upi, inasawazisha vyote, na vinyweleo vya leya ya juu vinabaki vikielea juu ya paja lisilo na mviringo. Kwa picha ya uso iliyo karibu inaweza kupita. Kwa mwili ulio uchi nusu, kwenye jua la pembeni, mimi siitumii.

Hatua ya 8: Pima kabla ya kutoa

Zima na kuwasha kundi lote huku ukitazama nje ya ngozi, pale paja linapopakana na bahari. Mpaka huo usisogee hata pikseli moja. Kisha tazama mwili wenyewe: ukizima na kuwasha paja likaonekana "kupungua", umekula kivuli cha umbo, rudi kwenye maski ulirudishie. Geuza picha kwa Flip Canvas Horizontal, jicho lililozoea litaona upya. Mwisho linganisha nyonga na bega. Bega halikuguswa, lina vitundu vyake, na nyonga isiwe laini kuliko hapo.

Halafu shusha Opacity ya kundi. Niliianza 100, nikaishia 65, na michirizi ya nyonga ilibaki ikionekana kwa anayeitafuta. Hifadhi PSD yenye leya zote, kisha toa JPEG ya sRGB kwa ukubwa uleule uliojaribia mwanzoni.

Kama picha ni ya tangazo linalokwenda Norway, mwambie mteja mapema: tangu Julai 2022 tangazo lenye mwili uliobadilishwa umbo, ukubwa au ngozi linatakiwa kuwekwa alama, na kazi hii inahusu ngozi. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, alama inadaiwa kwenye picha za biashara ambazo umbo la mwanamitindo limenenepeshwa au limekondeshwa, jambo ambalo hapa halikufanyika.

Mteja wetu alirudisha jibu siku ileile, akitaka vibonyeo vya paja la nyuma vionekane zaidi kidogo. Nilipita kwenye maski na brashi nyeusi, Flow 10, mara mbili, nikamtumia tena.