Jinsi ya kuandika barua ya kudai vyeti vya kodi ya zuio kwa kampuni iliyokupangia

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba, fremu au godauni hapa Tanzania ambaye mpangaji wake ni kampuni. Kampuni ikikulipa pango, sheria inaitaka ikate kodi ya zuio ya asilimia 10, iipeleke TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, kisha ikupe wewe cheti kinachoonyesha kiasi ilichokukata. Kukata hawasahau. Cheti ndicho kinachosahaulika, na bila hicho unafika Juni unajaza ritani ya mwaka huku huna cha kuonyesha kwamba sehemu ya kodi yako ilishalipwa.

Mfano nitakaoutumia ni wa mama mmoja wa Mwanza mwenye godauni Nyakato, ambaye nilimsaidia kupanga makaratasi yake ya mwaka 2024. Upangishaji ndiyo biashara yake na ritani anawasilisha kila mwaka. Pango ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi, linalipwa kwa miezi mitatu mitatu, na hajasajiliwa VAT. Kabla hajaja kwangu alishaandika barua yake mwenyewe: "Naomba cheti changu cha kodi cha mwaka 2024." Mhasibu wa kampuni akamjibu kwa karatasi moja iliyochapwa kutoka kwenye mfumo wao wa mahesabu, imegongwa muhuri wa kampuni, ina jumla ya alicholipwa na alichokatwa. Hicho si cheti. Ni maelezo ya mpangaji kuhusu vitabu vyake, wala hayaonyeshi kama fedha zilifika TRA.

Hatua ya 1: Toa mkataba na TIN

Angalia jina lililo kwenye mkataba, jina lililo kwenye akaunti inayopokea pango, na jina lililo kwenye TIN. Yote matatu yawe mtu mmoja. Kama hayafanani, soma hatua ya 5 kwanza.

Hatua ya 2: Orodhesha malipo kwa tarehe ya kulipwa, si kwa miezi ya pango

Hapa ndipo muda mwingi unapotea, na ndipo barua nyingi zinapoharibika. Chukua taarifa ya benki ya mwaka mzima na uandike kila siku ambayo fedha za mpangaji ziliingia. Mimi napenda kuifanya kwa kalamu kwanza, kwenye karatasi yenye mistari, maana kwenye eksel mtu anavuta fomula mpaka chini na kosa la mstari wa kwanza linajirudia kote bila kuonekana.

Malipo ya yule mama yalikuwa hivi:

5 Januari 2024: 8,100,000 (pango la Januari hadi Machi)
4 Aprili 2024: 8,100,000 (Aprili hadi Juni)
3 Julai 2024: 8,100,000 (Julai hadi Septemba)
2 Oktoba 2024: 8,100,000 (Oktoba hadi Desemba)
27 Desemba 2024: 8,100,000 (Januari hadi Machi 2025)

Umeona mstari wa mwisho. Kampuni ilitaka kufunga mwaka ikiwa imemaliza malipo, ikalipa pango la 2025 ndani ya Desemba. Mhasibu akisoma "cheti cha 2024" anahesabu robo nne za mwaka, anatoa vyeti vinne, na cha tano kinabaki hewani. Mwakani nao utamwomba cha 2025, naye atatazama malipo ya mwaka huo na hatayaona ya Desemba. Zuio hukatwa pale fedha inapolipwa, kwa hiyo cheti cha malipo yale ni cha mwezi wa Desemba 2024, hata kama pango ni la mwaka unaofuata. Usichanganyikiwe ukiona tarehe ya kampuni kulipa TRA ni ya Januari 2025. Walikuwa na nafasi mpaka tarehe 7, na hilo halihamishi mwezi wa cheti.

Baada ya tarehe, tafuta kiasi cha pango kabla ya makato. Kwa kawaida unachukua kilichoingia benki unagawa kwa 0.9: 8,100,000 inakupa 9,000,000, na zuio ni 900,000. Lakini usigawe kwa mazoea. Benki ikikata gharama ya kuhamisha fedha, kitakachoingia kitapungua kidogo na jibu litatoka na senti za ajabu. Ukiona hivyo rudi kwenye mkataba, chukua pango la mwezi uzidishe kwa idadi ya miezi. Aliyesajiliwa VAT naye asigawe kabisa. Ankara yake ya 9,000,000 inaongezewa VAT ya asilimia 18, yaani 1,620,000, na zuio linakatwa kwenye ile 9,000,000 tu. Benki itaingia 9,720,000. Ukigawa hiyo kwa 0.9 unapata 10,800,000, namba ambayo haipo popote kwenye mkataba wako.

Halafu kuna mikataba inayosema mwenye nyumba apokee 3,000,000 "baada ya kodi". Hapo kampuni imebeba zuio juu yake, na pango halisi la mwezi ni 3,333,333, siyo 3,000,000. Cheti kinatakiwa kuonyesha hilo kubwa, na zuio la 333,333.

Kwa mama wa Nyakato jumla ilikuwa malipo matano: pango 45,000,000, zuio 4,500,000, benki 40,500,000. Namba zikijumlika hivyo, kazi ngumu imekwisha.

Hatua ya 3: Andika barua

Ukurasa mmoja. Usilalamike, usieleze historia ya urafiki wenu na mkurugenzi. Iandikie kwa Meneja wa Fedha au Mhasibu Mkuu, si kwa meneja wa tawi anayekuja kukagua paa. Hii ndiyo tuliyopeleka:

> S.L.P. …,
> MWANZA.
> TIN: …
>
> 10 Februari 2025
>
> Meneja wa Fedha,
> (Jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba),
> S.L.P. …,
> MWANZA.
>
> Ndugu,
>
> YAH: MAOMBI YA VYETI VYA KODI YA ZUIO KWA PANGO LA GODAUNI, NYAKATO, LILILOLIPWA KATI YA 1 JANUARI NA 31 DESEMBA 2024
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mmiliki wa godauni mnalopanga kwa mkataba wa tarehe … . Katika kipindi kilichotajwa mlinilipa pango mara tano, na kila mara mlikata kodi ya zuio ya asilimia 10, kama ifuatavyo:
>
> 1. 5 Januari 2024: pango 9,000,000; zuio 900,000; nilipokea 8,100,000
> 2. 4 Aprili 2024: pango 9,000,000, zuio 900,000, nilipokea 8,100,000
> 3. 3 Julai 2024: pango 9,000,000, zuio 900,000, nilipokea 8,100,000
> 4. 2 Oktoba 2024: pango 9,000,000, zuio 900,000, nilipokea 8,100,000
> 5. 27 Desemba 2024: pango 9,000,000; zuio 900,000; nilipokea 8,100,000
>
> Jumla ya zuio ni shilingi 4,500,000.
>
> Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, naomba nipatiwe cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo yaliyoorodheshwa, kwa jina langu na TIN iliyo juu ya barua hii. Malipo ya namba 5 yalifanyika Desemba 2024, hivyo cheti chake kiwe cha mwezi huo. Pale ambapo cheti hakijatolewa, naomba nakala ya risiti ya malipo yenu TRA kwa mwezi husika.
>
> Nitashukuru kupata vyeti hivyo ifikapo tarehe 24 Februari 2025, ili niviambatishe kwenye mahesabu yangu ya mwaka.
>
> Nimeambatisha nakala ya cheti cha TIN na kurasa za taarifa ya benki zinazoonyesha malipo hayo.
>
> Wako,
> (Sahihi, jina, simu)

Sentensi ya risiti ndiyo roho ya barua. Aliyepeleka fedha TRA ataitoa risiti siku hiyohiyo. Aliyekata akakaa na fedha ataanza kusema mfumo unasumbua, mhasibu yuko likizo, rudi wiki ijayo. Wala usitaje faini na mahakama kwenye barua ya kwanza, maana ukitaja inahamia kwa mwanasheria wao na mhasibu ananawa mikono.

Hatua ya 4: Ipeleke kwa mkono

Nakala mbili, muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye yako. Barua pepe tuma pia ukipenda. Wasapu sihesabu.

Hatua ya 5: Vikifika, visome palepale

Usivitie kwenye faili kwa furaha. Linganisha kila cheti na orodha yako, kwa vitu vinne: TIN, mwezi, pango, zuio. Vya mama vilikuja vinne, na kati ya hivyo viwili tu vilikuwa sawa.

Cha Aprili kilisomeka pango 8,100,000 na zuio 810,000. Mhasibu alichukua kilichoingia benki akakifanya ndiyo pango, akakata asilimia 10 mara ya pili kwenye karatasi. Dalili yake ni rahisi: pango kwenye cheti likifanana na namba ya benki, kuna kosa. Ukinyamaza, shilingi 90,000 ulizokatwa kweli hazihesabiwi kwako. Hapo pia waulize walipeleka kiasi gani TRA, kwa sababu kama walipeleka 810,000 basi wana pengo lao wenyewe la kulipa.

Cha Julai kilikuwa na kiasi sahihi ila TIN ya marehemu mumewe, iliyobaki kwenye kumbukumbu za kampuni tangu mkataba wa zamani. Hili haliponi kwa kufuta na kuandika juu. Fedha imeingia TRA kwa jina la mtu mwingine, na anayeweza kuomba irekebishwe ni aliyeipeleka, yaani kampuni. Waandikie barua fupi ya pili, ambatisha cheti chenye kosa na cheti cha TIN yako, uombe warekebishe taarifa yao ya zuio ya mwezi ule na kukupa cheti kipya. Kosa hili pia hutokea pale pango linapopokelewa na dalali au mtoto anayesimamia jengo, na TIN yake ikaingizwa badala ya ya mwenye mali.

Cha Desemba hakikuwepo, mhasibu akisema ni cha mwaka 2025. Tulimwonyesha tarehe ya benki na sentensi yetu kuhusu namba 5, akakitoa.

Hatua ya 6: Wasipojibu

Tarehe uliyoweka ikipita, andika ya pili yenye kumbukumbu ya ile ya kwanza, ambatisha nakala yenye muhuri, na chini uandike "Nakala kwa: Meneja wa TRA wa Mkoa". Kisha uipeleke huko kweli. Sheria inampa mkataji siku 30 baada ya mwezi kuisha kukupa cheti, kwa hiyo kwa malipo ya Desemba unaweza kuanza kusumbua mwishoni mwa Januari. Mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba ana mpaka 30 Juni kuwasilisha ritani. Anayeanza kuandika barua Juni yenyewe atawakuta wahasibu wote wa mji wako TRA na ritani zao.