Kumtembeza mbwa wa ulinzi ambaye hajawahi kufungwa kamba

Hapa Dar es Salaam mteja wa kazi hii mara nyingi ni mtu wa Mikocheni au Mbezi Beach mwenye mbwa wa ulinzi. Mchana mbwa yuko bandani, usiku anafunguliwa uani, na geti hajalivuka tangu aletwe akiwa mdogo. Tuchukue mfano wa dume la miaka mitatu, tumwite Simba.

1. Anza na kadi ya chanjo. Angalia tarehe ya kurudia chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama imepita au kadi haipo, daktari wa mifugo aje kwanza. Akikung'ata au hata kukuparuza kwa jino, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone kama ataugua.

2. Zoeana naye kupitia anayemlisha. Huyo kwa kawaida ni mlinzi au dada wa kazi, si bosi. Simama ubavu nje ya banda, usimkazie macho, muache akunuse. Mkia kutikisika si lazima uwe urafiki: mwili ukiwa umekakamaa na mkia umesimama juu, rudi nyuma taratibu. Nenda hivyo kila siku mpaka achukue chakula mkononi mwako akiwa ametulia.

3. Mvishe kola ndani ya ua. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Kisha ivute kuelekea masikioni. Ikivuka kichwa, kaza. Hapa ndipo wengi wanapoponyokwa, maana mbwa akiogopa haendi mbele, anarudi kinyumenyume na kuchomoa kichwa. Muache ale nayo, halafu funga kamba na mzunguke ua. Usihamie hatua ya nne kabla hajaacha kuitafuna kamba.

4. Toka saa 12 alfajiri. Mchana lami inaunguza nyayo: weka mgongo wa mkono chini, na kama huwezi kuvumilia sekunde saba, naye hawezi. Safari ya kwanza ni kufika getini, kusikiliza bodaboda zikipita, na kurudi. Kesho yake, nyumba mbili mbele. Akigoma na kulala chini, usimburute. Subiri ainuke, mrudi.

Ukiona mtu anakuja, vuka barabara mapema. Usimpigie kelele "haumi!" Wengine wanaogopa, wengine wametoka msikitini na hawataki mate ya mbwa kwenye kanzu. Ukiwaudhi majirani, lawama zitamfikia mteja kabla yako.

5. Mkague mkirudi. Mpe maji, pekua kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Akihema bila kupoa, mate yamekuwa mazito na anayumba, joto limemzidi: mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na mpigie daktari huku ukiendelea kummwagia.

Simba akimng'ata hata anayemlisha, mwambie mwenye mbwa anahitaji mkufunzi, na usichukue hela yake.