Kumchagulia kijana filamu ya biashara: ingia na daftari

Nimekuwa nikiwaonyesha filamu vijana wanaotaka kuanza biashara ndogo. Kosa nililolifanya mwanzoni ni kuchagua filamu za matajiri. Vijana walitoka wamechangamka, lakini ukiwauliza pesa ilipita wapi, hawajui.

Hatua ya kwanza ni kujua kijana amekwama wapi. Asiyeuza bado ana shida tofauti na mwenye bidhaa zilizomdodea. Anayetaka kuingia ubia naye ana yake: huyo mwonyeshe The Founder (2016), atazame ndugu wa McDonald wakikubali sehemu ya mapato kwa kupeana mkono tu, bila maandishi.

Pili, tazama nusu saa ya mwanzo peke yako, daftari mkononi. Andika kila mahali pesa inapotajwa: bei, kodi, deni, akiba. Nusu saa ikipita bila hata tarakimu moja, iache. Huenda ni filamu nzuri, ila kijana hatapata hesabu ya kufanya.

Chukua The Pursuit of Happyness (2006). Chris Gardner ameweka akiba yake yote kwenye mashine za kupima msongamano wa mifupa. Madaktari wengi wanaziona ni anasa, kwa kuwa picha yake inaizidi kidogo tu ile ya eksirei na bei ni mara mbili. Mashine moja ni dola 250. Anasema lazima auze angalau mbili kwa mwezi ili alipe kodi ya nyumba na malezi ya mtoto, na nyingine tena kwa faini za kuegesha gari.

Hapo simamisha filamu. Mwambie kijana aandike: mbili ni dola 500, nazo zimeshaliwa kabla hajala yeye. Akiuza moja, nani hatalipwa? Mpe muda, usimjibu. Mwenyewe ataona kwamba mtaji umelala ndani ya mashine, na kwamba mtu anaweza kuwa na mali chumbani akakosa nauli.

Simamisha tena pale serikali inapochukua kodi ya mapato aliyokuwa akidaiwa moja kwa moja kwenye akaunti yake, ikabaki dola 21 na senti. Muulize: deni hili lingeandikwa ukurasa gani wa daftari lake?

Mwisho, mweleze filamu inapoishia. Gardner anaokolewa na ajira katika kampuni ya udalali wa hisa; biashara ya mashine haikumtoa. Usipolisema hili, kijana ataondoka akiamini kuvumilia bidhaa isiyotakiwa hulipa.

Kijana mmoja anayeuza kava za simu alinyamaza hapo, kisha akaomba kalamu. Alikuwa anahesabu kava za simu za zamani zilizobaki kwenye boksi lake.