Inversi ya matriksi ya 3 kwa 3: nimechoka kujibu, someni hapa

Kila jioni tuisheni hapa Mtwara mjini nauliziwa hili moja. Kidato cha sita, chukueni kalamu.

1. Matriksi iwe ya mraba, vinginevyo acha.

2. Tafuta ditaminanti. Ikiwa 0, inversi haipo.

```
A = | 1 2 0 |
    | 3 1 2 |
    | 0 1 1 |
```

Kwa safu mlalo ya kwanza: 1(1−2) − 2(3−0) + 0 = −7.

3. Tafuta kofakta tisa. Funika mlalo na wima wa namba husika, pata ditaminanti ya zile nne zinazobaki, kisha weka alama: + − +, − + −, + − +.

```
C = | -1 -3  3 |
    | -2  1 -1 |
    |  4 -2 -5 |
```

4. Geuza C: mlalo uwe wima. Hapa ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe kwenye moko. Kofakta zote tisa sahihi, ditaminanti sahihi, nikagawa C kwa −7 nikageuza karatasi kwa raha zangu. Jibu lote likaenda na maji. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kwa macho, maana namba ni zilezile, zimekaa tu siti za wenzao. Zidisha ili ulikamate: mlalo wa kwanza wa A mara wima wa kwanza wa C ni −1 − 4 + 0 = −5, wakati ulitakiwa upate −7. Baada ya kugeuza:

```
| -1 -2  4 |
| -3  1 -2 |
|  3 -1 -5 |
```

Sasa ni −1 − 6 + 0 = −7. Mlalo huohuo mara wima wa pili: −2 + 2 + 0 = 0. Umepona.

5. Zidisha yote kwa −1/7. Iache nje ya mabano.

Korosho_Tupu: Ticha, yangu ni 2 kwa 3, nianzie wapi?

Hatua ya 1. Ina sentensi moja tu.

Korosho_Tupu: Si ungejibu tu?

Nimejibu.

Binti_Kilwa: Shikamoo mwalimu. Kwa nini lazima tugeuze?

Marahaba binti, swali zuri. Chukua mlalo wa pili wa A, uzidishe na kofakta za mlalo wa kwanza: 3(−1) + 1(−3) + 2(3) = 0. Hiyo ni ditaminanti ya matriksi ambayo mlalo wake wa kwanza na wa pili ni 3 1 2, na milalo miwili ikifanana ditaminanti ni 0. Kwa hiyo mlalo wa A unatakiwa ukutane na kofakta za mlalo. Lakini kuzidisha matriksi ni mlalo kwa wima, basi kofakta lazima zisimame wima.

Mwana_Nachingwea: Na AX = B, niandike B mara inversi?

Hapana, inversi inatangulia: X = A⁻¹B. B yenye wima mmoja ukiiweka mbele, haizidishiki kabisa.

Binti_Kilwa: Nimejaribu B = 5, 11, 5. Nimepata 1, 2, 3.

Rudisha kwenye A. 1 + 4 + 0 = 5, 3 + 2 + 6 = 11, 0 + 2 + 3 = 5. Sahihi.